Barua kwa wazazi wa Kirumba na Igogo: mkikuta meseji za mapenzi kwenye simu ya mtoto

Wanangu,

Mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni alinijia akiwa na simu ya bintiye mkononi. Binti ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mvulana yuko kidato cha tatu. Meseji zenyewe ni "umekula?", "mbona leo umenipita", na makopa mengi. Mama alitaka kuchapa, kisha aivunje laini.

Nilimwomba asubiri. Kupenda katika umri huo ni kawaida, na mapenzi mengi ya kwanza huisha ndani ya wiki au miezi michache. Sehemu za ubongo zinazochochea hisia huwahi kushika kasi, ilhali zile za kupima matokeo huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Ndiyo maana meseji isiyojibiwa jioni moja inaweza kumliza mtoto mwenye akili zake timamu.

Kuhusu kupekua simu, watafiti Stattin na Kerr walionyesha mwaka 2000, kwa vijana wa Sweden, kwamba mengi ambayo mzazi anayajua huyapata kwa mtoto kusimulia mwenyewe, si kwa kumchunguza. Hapa kwetu naona ni vilevile: ukivunja laini ataazima simu ya shoga yake, nawe utabaki gizani.

Basi mama akangoja jioni, wakichambua dagaa, akauliza: "Huyu kijana mkigombana anafanyaje?" Binti akanyamaza. Siku chache baadaye akaanza kusema mwenyewe. Wakakubaliana simu zote, ya mama ikiwemo, zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Kuonana kuwe mahali penye watu. Na mama asisome meseji kwa siri. Habari za mimba na magonjwa alizisema waziwazi, bila mafumbo. Wengi wenu hapo ndipo mnapokwama, mnamwachia shangazi aliyeko Magu.

Huyo mpenzi akiwa ni mtu mzima, hapo sina mjadala. Huanza na lifti ya bure ya bodaboda, ikafuata chipsi, kisha simu mpya ambayo mtoto hawezi kuieleza. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, binti wa chini ya miaka 18 hata akikubali, ridhaa yake haimwokoi mwanamume. Nendeni dawati la jinsia polisi, msikae kikao cha kulipana ng'ombe. Watoto wenu wa kiume nao waijue sheria hiyo. Hata kwa wa rika moja, anayedai nywila au kumkataza mwenzake marafiki anahitaji kuzungumziwa mapema.

Wakiachana, msimcheke. Kulia na kukosa hamu ya kula siku kadhaa hutokea. Ikipita wiki mbili bado hali chakula wala haendi shule, mpelekeni kituo cha afya. Akisema hataki kuishi, mpelekeni siku hiyohiyo na msimwache peke yake.

Bibi yenu wa Kirumba