Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mpango wa Kifua Kikuu: tupeni dawa moja moja

Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam.

Mimi ni nesi wa kliniki ya TB, miaka 11 sasa, na nakuandikia kuhusu vidonge vya mchanganyiko. Sio kwamba nivichukie, vimetusaidia sana, zamani mgonjwa alikuwa anameza vidonge rundo na wengine wanaruka dawa wasiyoipenda, sasa rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli zote ziko kwenye kidonge kimoja na kazi imekua rahisi. Shida inakuja siku dawa zikimuumiza mgonjwa ini, hapo kidonge kimoja kinatufunga mikono.

Nikueleze yaliyotokea. Kuna mama mmoja, kilo 52, alianza dawa vizuri, vidonge vitatu kwa siku. Wiki ya tatu kaja kuchukua dawa akasema kichefuchefu kinamsumbua, chakula hakipiti, na mkojo umekua mweusi. Aliyemhudumia akamwambia mkojo kubadilika ni kawaida, kula kwanza ndo umeze. Sasa hapo ndo kosa la kwanza lilipo, na tunalifanya wengi kwasababu tunawafundisha wagonjwa siku ya kwanza kabisa kwamba rifampisini inageuza mkojo, na ni kweli inageuza, ila inakua rangi ya chungwa au wekundu na mtu mwenyewe anajisikia fresh tu. Mkojo wa ini lililoumia ni wa kahawia kama chai iliyokolea, na unakuja na mwili kuchoka, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia. Na macho ndo yanatoa jibu, ukimpeleka mgonjwa kwenye mwanga wa mchana ukashusha kope ukaona sehemu nyeupe ina manjano, hiyo sio rangi ya rifampisini ya kawaida, usimpe hata kidonge kimoja zaidi. Yule mama hakuna aliyemshusha kope. Akaenda akameza siku 9 nyingine.

Aliporudi macho yalikuwa ya njano kabisa. Tukapima damu kuangalia ini, ALT ikatoka 312, na maabara yetu mwisho wa kawaida ni 40. Kanuni ya kusimamisha haina utata: mwenye dalili ikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, yani 120 kwa maabara yetu, unasimamisha, asiye na dalili yoyote unasubiri mpaka mara 5, yani 200, na mwenye manjano unasimamisha hapohapo hata majibu hayajatoka. Chini ya hapo usikimbilie kusimamisha, maana isoniazidi hasa inapandisha ALT kidogo kwa watu wengi, ini linazoea na namba inashuka yenyewe huku dawa zinaendelea, mtu kama huyo unamfuatilia kwa kipimo kila wiki. Nimeona wagonjwa wamekatishwa dawa kwa ALT ya 70 bila dalili yoyote, na hilo nalo ni kosa maana TB inabaki bila matibabu.

Yule mama tukasimamisha zote nne. Tukampima homa ya ini B na C, tukamuuliza pombe, mitishamba, na dawa za maumivu anazonunua mwenyewe, hakuna kitu. Tukaangalia pia damu yake inavyoganda na kama kichwa kiko sawa, maana mgonjwa wa ini akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana kutwa au kutoka damu hovyo, huyo sio wa kliniki tena, ni wa kulazwa haraka. Ye hakua na hayo. ALT wiki ya kwanza ikashuka 190, ya pili 96, ya tatu 61. Kwetu tunaruhusiwa kuanza tena ikishuka chini ya mara 2, yani 80, na dalili ziwe zimeisha. (Sehemu isiyo na kipimo, muongozo wa WHO unasema subiri wiki 2 zaidi baada ya manjano na maumivu ya tumbo kuisha.) Kifua chake hakikua kibaya kwahiyo kusubiri kuliwezekana, ila angekua na TB kali ingebidi apewe wakati huohuo dawa zisizolilemea ini, kama ethambutoli na levofloksasini pamoja na sindano, na hizo nazo hatuna.

Sasa Mkurugenzi, hapa ndo nataka unisikilize. Stoo yetu ilikuwa na vidonge vya mchanganyiko peke yake. Daktari akaagiza dawa moja moja, jibu likarudi hazipo. Wiki zinaenda, mama anakohoa tena, mwisho akaanzishiwa vidonge vilevile vitatu, dawa zote nne kwa mkupuo. Siku ya tano akatapika, ALT 420. Na hata baada ya maumivu yote hayo hatukua na namna ya kujua ni dawa gani.

Ilibidi asafirishwe hospitali kubwa na huko ndo akarudishiwa dawa inavyotakiwa. Walisubiri ini litulie tena, wakaanza na rifampisini pamoja na ethambutoli. Rifampisini inatangulia kwasababu ndo dawa inayobeba matibabu na sio ya kwanza kushukiwa kwenye kuumiza ini, na ethambutoli inaisindikiza maana ini haliisumbui na rifampisini ikiachwa peke yake wadudu watajifunza kuishinda. Siku ya 7 wakapima, ALT 58, dalili hakuna, wakaongeza isoniazidi. Wiki nyingine wakapima tena, 54. Ingepanda au kichefuchefu kingerudi wangeitoa ile iliyoingia mwisho, na jibu lingekua limepatikana. Pirazinamidi hawakuirudisha kabisa, kwasababu mtu aliyefika hatua ya manjano halafu rifampisini na isoniazidi zikamkubali, mshukiwa aliyebaki ni pirazinamidi na kuijaribu ni kumtia hatarini bure. Bila hiyo matibabu yanakua miezi 9 badala ya 6. Sasa hivi yuko mwezi wa 5 na anakula vizuri.

Ninachoomba sio kikubwa. Wagonjwa wa namna hii ni wachache, kwahiyo hakuna haja ya kujaza stoo, kila wilaya iwe na boksi dogo la rifampisini peke yake, isoniazidi peke yake na ethambutoli peke yake, na pirazinamidi kidogo kwa wale ambao hawakufika kwenye manjano, na mtu mmoja anayejulikana wa kupigiwa simu boksi likihitajika. Kipimo cha ALT kifanyike kabla ya kuanza dawa kwa wenye VVU, homa ya ini, wanywaji, wajawazito na wazee, halafu kirudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, na mgonjwa yeyote akija na kichefuchefu kisichoisha apimwe siku hiyohiyo. Na kadi ya mgonjwa, pale palipoandikwa mkojo utabadilika rangi usiogope, paongezwe mstari mmoja: ukiwa wa kahawia, au macho yakiwa ya njano, acha dawa na uje kliniki leo.

Kadi mpya nasikia zinaenda kuchapwa, naomba mstari huo uingie kabla hazijachapwa.

Nesi wa kliniki ya TB