YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAARIFA YA KAMISHENI YA MWEZI SEPTEMBA NA OMBI LA KUIREKEBISHA

Wakala wa Mauzo,
Mbagala, Dar es Salaam.

16 Oktoba 2024

Meneja Fedha,
Kampuni ya Usambazaji wa Vifaa vya Umeme vya Nyumbani (jina limehifadhiwa),
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni wakala wenu wa mauzo upande wa Mbagala na Kongowe. Nauza friji, friza na majiko ya gesi kwa mkataba unaonilipa kamisheni kwa ngazi: asilimia 4 kwa mauzo ya mwezi yasiyozidi shilingi 10,000,000, na asilimia 6 kwa kile tu kinachozidi hapo, yote yakihesabiwa kwa bei bila VAT. Mkataba huo nauelewa na sina ugomvi nao. Ninacholalamikia ni karatasi mnayotutumia kila mwezi kutueleza mmeutekelezaje.

Taarifa ya Septemba iliyonifikia tarehe 10 Oktoba ina mistari minne. Mauzo 17,700,000. Kamisheni 700,000. Makato 130,800. Malipo halisi 569,200. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mmeandika kwamba asiyeleta pingamizi ndani ya siku 7 atahesabiwa amekubali. Hakuna namba ya risiti hata moja, wala tarehe ya mauzo, wala kiwango kilichotumika, wala sababu ya makato.

Mtu akigawa 700,000 kwa 17,700,000 anapata asilimia 3.95. Kiwango hicho hakimo kwenye mkataba wangu wala wa wakala yeyote ninayemfahamu. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi mawakala wanapigiana simu wakiulizana kama kampuni imeshusha kamisheni kimyakimya. Nilitandika risiti zangu za EFD mezani, nikazijumlisha moja moja, na nikaona kilichotokea: mauzo mmeyaonyesha pamoja na VAT, lakini kamisheni mmeikokotoa bila VAT. Ukiitoa ile asilimia 18, 17,700,000 inakuwa 15,000,000. Milioni 10 za mwanzo kwa asilimia 4 ni 400,000, na milioni 5 zilizozidi kwa asilimia 6 ni 300,000. Jumla 700,000. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila taarifa yenu inaificha, na wakala mwenye haki ya kuielewa anabaki na mashaka yasiyo ya lazima. Na dawa yake mnayo tayari, kwa sababu kila risiti ya EFD inachapa mstari wa `TOTAL EXCL OF TAX` na mwingine wa `TOTAL INCL OF TAX`. Chukueni ule wa kwanza, uwekeni kwenye taarifa kando ya namba ya risiti, na mimi nitaulinganisha na nakala yangu bila kumsumbua mtu.

Risiti zangu za Septemba, hata hivyo, hazijumliki kuwa 15,000,000 bila VAT. Zinafika 16,000,000. Iliyokosekana ni friza ya shilingi 1,180,000 niliyomuuzia mwenye duka la samaki pale Zakhem. Alilipa yote kwa simu tarehe 30 Septemba na risiti ikatoka siku hiyohiyo, ila kirikuu cha ghala kilimpelekea mzigo tarehe 2 Oktoba. Mhasibu wenu aliniambia kwa simu jana kwamba mfumo unasoma tarehe ya kupokelewa mzigo. Mkataba unasema mwezi wa kamisheni ni mwezi wa risiti. Tofauti hii si ndogo. Kwa Septemba, friza hiyo inaangukia sehemu iliyozidi milioni 10, kwa hiyo inanipa asilimia 6, yaani shilingi 60,000. Ikisukumwa Oktoba, na mwezi huo nisipofika milioni 10, itanipa 40,000. Sikuchagua siku ambayo gari la ghala litatoka. Taarifa ingekuwa na safu ya tarehe ya risiti, na chini yake orodha fupi ya mauzo yaliyolipiwa lakini hayajaingizwa pamoja na sababu, jambo hili lingeonekana mara moja na lisingenilazimu kulinganisha risiti moja moja.

Kwenye makato ndiko kulikoniumiza zaidi. Ile 130,800 ilikuja kama fungu moja lisilo na jina. Kwa maelezo ya simu nimejua ina vitu vitatu: kodi ya zuio 35,000, vipeperushi 25,000, na friji iliyorudishwa 70,800.

Naomba nianze na friji. Niliiuza tarehe 14 Agosti kwa mama lishe wa Rangi Tatu kwa shilingi 1,180,000, yaani 1,000,000 bila VAT. Kompresa ikawa inanguruma bila kugandisha, fundi wenu akathibitisha ubovu, na tarehe 19 Septemba mkaipokea na kumrudishia mteja fedha zake. Kwamba kamisheni yake irudi kwenu, hilo ni halali na mkataba unalisema. Swali ni irudi kiasi gani. Agosti mauzo yangu yote yalikuwa 8,000,000 bila VAT, sikufika ngazi ya pili, kwa hiyo friji ile ilinipa asilimia 4, shilingi 40,000. Ninyi mmenikata 70,800. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kunieleza imetoka wapi, nimeitafuta mwenyewe: ni asilimia 6 ya 1,180,000. Mmechukua kiwango cha juu cha Septemba mkakipiga kwenye bei yenye VAT, kwa bidhaa iliyouzwa Agosti kwa kiwango cha chini na kulipiwa kamisheni bila VAT. Mmedai mrudishiwe shilingi 30,800 ambazo hamkuwahi kunipa.

Nadhani naelewa inavyotokea. Rejesho linaingizwa kwenye mfumo kama mauzo mapya yenye alama ya kutoa, halina kumbukumbu ya risiti iliyolizaa, basi linabeba kiwango cha mwezi lilipoingia. Hapo wakala anayejituma ndiye anayeumia, kwa sababu rejesho likimkuta kwenye mwezi mzuri linakatwa kwa kiwango kikubwa. Na kinyume chake nacho kinawezekana: friji iliyolipwa kwa asilimia 6 ikirudi kwenye mwezi mbovu itakatwa kwa asilimia 4, na hapo itakayopoteza ni kampuni. Kwa hiyo marekebisho haya yanawalinda na ninyi pia. Kanuni ni moja tu: rejesho libebe namba ya risiti ya awali, na likatwe kiasi kilekile kilicholipwa kwenye risiti hiyo. Kwenye karatasi lingesomeka hivi (namba ya risiti nimeiweka kwa mfano tu):

```
Risiti 4821 | 14/08 | 1,000,000 | 4% |  40,000 | imelipwa Agosti
Rejesho la 4821 | 19/09 | -1,000,000 | 4% | -40,000
```

Mistari miwili, na mjadala wa simu nzima unaisha. Panapokuwa na jedwali jipya la viwango, kama mlivyotutumia mwezi Julai kwa majiko ya gesi, kando ya asilimia iandikwe ni jedwali la tarehe gani, ili rejesho la jiko la Juni lisikatwe kwa kiwango cha Julai.

Kuhusu kodi ya zuio, 35,000 ni asilimia 5 ya 700,000, na kiwango hicho kimo kwenye mkataba. Ila mmeikokotoa kabla ya kutoa rejesho, ilhali zile 40,000 za Agosti zilishakatwa kodi yake Agosti. Taarifa iseme kodi imekatwa juu ya kiasi gani, na iambatane na cheti cha kodi ya zuio. Kodi mnayotukata inapaswa kufika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na cheti ndicho kinachoniwezesha kuiombea nafuu ninapowasilisha ritani yangu ya mwaka. Mpaka leo sijapata cheti cha makato yoyote ya mwaka huu. Bila cheti, shilingi hizo naonekana sijalipa.

Vipeperushi sitavizungumza sana. Mkataba unasema vifaa vya matangazo vinatolewa na kampuni. Kama kuna hati niliyosaini kukubali kulipia 25,000, naomba nakala yake. Kama haipo, naomba fedha zangu.

Kwa hesabu yangu, Septemba ilipaswa kuwa hivi: kamisheni 760,000, kutoa rejesho 40,000, inabaki 720,000, kodi ya zuio asilimia 5 ni 36,000, malipo 684,000. Mmelipa 569,200. Nadai 114,800. Mtaona kwamba kwa hesabu hii kodi yangu imeongezeka kwa 1,000, na nimeiacha hivyo kwa sababu ndivyo inavyotoka.

Nina ombi jingine kuhusu zile siku 7. Taarifa ilikuja Alhamisi tarehe 10. Ikafuata Jumamosi na Jumapili, kisha Jumatatu tarehe 14 ofisi zikafungwa kwa Siku ya Nyerere. Kati ya siku 7 mlizonipa, za kazi zilikuwa 4, na siku nzima ya jana imeishia kwenye kutafuta mtu wa kunifungulia fungu la makato. Kimya cha wakala hakiwezi kuwa ridhaa kwa hesabu ambayo hakupewa njia ya kuikagua. Muda wa pingamizi uanze siku taarifa yenye mchanganuo wa kila risiti na kila kato inapomfikia wakala, na uwe siku 14 za kazi.

Naomba basi, kabla ya taarifa ya Oktoba kutoka, nipewe taarifa ya Septemba iliyorekebishwa, yenye mstari mmoja kwa kila risiti na mmoja kwa kila kato, pamoja na vyeti vyangu vya kodi ya zuio. Barua hii ihesabiwe kuwa pingamizi langu rasmi, nikiwa bado ndani ya muda mliouweka. Nimeambatanisha nakala za risiti zote za Septemba, risiti ya friji ya tarehe 14 Agosti, fomu ya fundi, na uthibitisho wa malipo ya friza ya tarehe 30 Septemba. Niko tayari kufika ofisini siku yoyote mtakayopanga, nikiwa na risiti halisi, tukae na mhasibu tuzipitie moja baada ya nyingine.

Wenu,

(saini)
Wakala wa Mauzo, Mbagala

Nakala: Meneja Mauzo, Kanda ya Dar es Salaam