Barua ya wazi kwa mpwa wangu kuhusu vipeo ulivyovizidisha

Mpwa wangu,

Nimeipokea kazi yako na kuisoma mstari kwa mstari. Swali la kwanza lilikutaka utafute umbali ambao mwanga husafiri katika muda wa sekunde 5 × 10⁻⁷, kasi yake ikichukuliwa kuwa mita 3 × 10⁸ kwa sekunde. Uliandika hivi:

(3 × 10⁸) × (5 × 10⁻⁷) = 15 × 10⁻⁵⁶ = 1.5 × 10⁻⁵⁵

Pembeni ukaongeza kwamba umelihakiki jibu kwa kugawanya, nalo likakurudisha pale pale ulipoanzia. Ni maneno hayo ya pembeni yaliyonifanya nikuandikie kwa urefu, tena waziwazi ili na wenzako wasome, kwa sababu kuzidisha vipeo mahali pa kuvijumlisha ni kosa la kawaida, lakini uhakiki unaolipitisha kosa hilo bila kulishtukia ni jambo linalohitaji kuangaliwa kwa makini.

Nianze na yaliyo sahihi, kwa kuwa ni mengi. Ulizidisha 3 kwa 5 ukapata 15, na hapo huna deni. Uliona pia kwamba 15 haifai kukaa mbele katika umbo sanifu, kwa kuwa namba ya mbele haipaswi kuwa chini ya 1 wala kufika 10, ukaigeuza kuwa 1.5 na kukipandisha kipeo kutoka −56 hadi −55. Wengi huteleza mahali hapo na kuandika −57, kwa kuwa −57 huonekana kubwa kwa macho, wewe hukuteleza. Kosa lako ni moja tu: ulichukua 8 na −7 ukavizidisha ukapata −56, ilhali ulitakiwa kuvijumlisha upate 1.

Sababu yake utaiona ukiuliza kila kipeo kinaagiza nini. Kipeo 8 juu ya kizio 10 kinaagiza kuzidisha kwa 10 mara 8. Kipeo −7 kinaagiza kugawanya kwa 10 mara 7. Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja, unazo 10 nane katika kiasi na 10 saba katika asili. Saba za juu zinafutana na saba za chini, inabaki 10 moja. Kwa hiyo umbali ni 15 × 10¹, yaani 1.5 × 10², ambazo ni mita 150. Alama ya kuzidisha iliyosimama kati ya 10⁸ na 10⁻⁷ inaziunganisha namba zenyewe. Vipeo vinahesabu tu idadi ya zile 10, na ukiunganisha mafungu mawili idadi zake hujumlishwa.

Sasa turudi kwenye uhakiki wako. Uligawanya 15 × 10⁻⁵⁶ kwa 5 × 10⁻⁷, na katika kugawanya huko ukagawanya pia vipeo: −56 kwa −7 ni 8, na 15 kwa 5 ni 3, hivyo ukapata 3 × 10⁸ na moyo ukatulia. Lakini kugawanya vipeo ndiko kunakotengua kuzidisha vipeo. Ulitoka kwa mlango usio sahihi ukarudi kwa mlango huo huo, ndiyo maana ulijikuta pale ulipokuwa. Uhakiki wa kurudi nyuma hukamata makosa ya bahati mbaya, kama vile kuandika 16 badala ya 15. Kanuni yenyewe ikiwa na kasoro, nayo ikatumika kwenda na kurudi, uhakiki huo hauoni lolote. Unahitaji njia ya pili isiyoitumia kanuni inayotiliwa shaka.

Njia ya kwanza ya namna hiyo ni ukubwa wa jibu. Sekunde 5 × 10⁻⁷ ni nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Katika sekunde nzima mwanga huenda takribani mita milioni 300, kwa hiyo katika sehemu moja ya milioni huenda mita 300, na katika nusu yake mita 150. Hapo hukugusa kanuni yoyote ya vipeo. Kisha lipime jibu lako: kipenyo cha protoni ni cha kadiri ya mita 10⁻¹⁵, nawe umesema mwanga umesogea mita 1.5 × 10⁻⁵⁵. Jibu la aina hiyo linajisema lenyewe kabla hata hujatafuta lilikoharibika.

Njia ya pili imo ndani ya kazi yako mwenyewe, nami naipenda zaidi kwa sababu haihitaji kujua chochote kuhusu mwanga. Tazama hatua yako ya mwisho. Ulipogeuza 15 kuwa 1.5 ulikuwa unasema kwamba 15 ni 1.5 × 10¹, kisha ukaunganisha 10¹ na 10⁻⁵⁶ ukapata 10⁻⁵⁵. Hapo ulijumlisha: 1 na −56 ni −55. Kama kuzidisha vipeo kungekuwa halali, 10¹ × 10⁻⁵⁶ ingebaki 10⁻⁵⁶, na ile 10 uliyoitoa kwenye 15 ingepotea bila kuacha alama. Katika mstari mmoja umetumia kanuni mbili zinazopingana, na ile ya pili, ambayo labda uliitumia bila kuifikiria, ndiyo ya kweli. Jaribu pia kuzidisha kwa 10⁰, ambayo ni 1: namba yoyote ikizidishwa kwa 1 haibadiliki, lakini kwa kanuni ya kuzidisha vipeo, 10⁸ × 10⁰ ingekuwa 10⁰, yaani milioni 100 zimezidishwa kwa 1 zikageuka kuwa 1.

Katika swali la pili ulitakiwa kuzidisha 4 × 10⁻³ kwa 6 × 10⁻⁵, ukapata 2.4 × 10¹⁶. Hapa ishara ya kipeo pekee ingetosha kukushtua. Namba zote mbili ni ndogo kuliko 1, na ukizidisha namba chanya mbili zilizo chini ya 1 unapata iliyo ndogo kuliko zote mbili. Wewe umepata namba yenye tarakimu 17. Nadhani kilichokuvuta ni ile kanuni kwamba hasi mara hasi ni chanya, ambayo ni kweli kabisa, ila hapa haikualikwa, kwa kuwa hakuna hasi mbili zinazozidishwa. Unajumlisha −3 na −5, unapata −8. Jibu ni 24 × 10⁻⁸, yaani 2.4 × 10⁻⁷. Ukiandika kwa desimali, 0.004 × 0.00006 ni 0.00000024, na mambo yanalingana.

Usiitegemee ishara kupita uwezo wake, hata hivyo. Vipeo vyote viwili vikiwa hasi, itakukamatia kosa kila mara, kwa kuwa jibu la kweli lina kipeo hasi na la uongo lina kipeo chanya. Kimoja kikiwa hasi na kingine chanya, inategemea: kwa 10⁻⁹ × 10² jibu la kweli ni 10⁻⁷ na la uongo ni 10⁻¹⁸, yote mawili hasi, na ishara haikuambii kitu. Vyote viwili vikiwa chanya haisaidii kabisa, nawe hapo uhesabu tarakimu. Swali lako la tatu lilikuwa la namna hii, 2 × 10⁴ mara 3 × 10⁵, ambapo uliandika 6 × 10²⁰. Namba ya tarakimu 5 ikizidishwa kwa namba ya tarakimu 6 haiwezi kuzaa zaidi ya tarakimu 11, na jibu lako lina tarakimu 21. Jibu sahihi ni 6 × 10⁹.

Utaniuliza kanuni hiyo uliitoa wapi, maana hukuizua. Nadhani imetoka mahali pawili. Pa kwanza ni kipeo juu ya kipeo, ambako kuzidisha ni halali: (5 × 10⁻⁷)² ni 25 × 10⁻¹⁴, na −14 imetokana na −7 mara 2. Lakini angalia hiyo 2 ni nini. Si kipeo cha 10 nyingine iliyo kando. Inasema kwamba fungu zima la 5 × 10⁻⁷ linazidishwa lenyewe kwa lenyewe, kwa hiyo unajumlisha −7 na −7, na kuzidisha ni njia fupi tu ya kujumlisha kitu kilekile. Dalili ya kuitambua ni mabano yaliyobeba kipeo kwa nje. Palipo na mafungu mawili yenye alama ya kuzidisha katikati, kila moja na kipeo chake, njia hiyo fupi haipo.

Pa pili ni mifano mibaya. Mtu anayefundishwa kwa mfano wa 10² × 10² = 10⁴ hawezi kujua kama 4 imetokana na 2 + 2 au 2 × 2. Kwa vipeo vilivyo namba kamili, chanya au hasi, zipo jozi mbili tu ambazo jumla na zao la kuzidisha hulingana: 2 na 2, au 0 na 0. Sababu yake ni fupi. Ukitaka a + b iwe sawa na a × b, ni sawa na kutaka (a − 1) × (b − 1) iwe 1, na namba kamili zinazozaa 1 zikizidishwa ni 1 na 1, au −1 na −1. Kwa hiyo kanuni yako ya uongo ina maficho mawili tu, na unapotaka kuijaribu kanuni yoyote ya vipeo, tumia jozi kama 3 na −5, uache kabisa 2 na 2.

Limebaki swali la nne, ambalo uliliacha wazi: 6 × 10⁻³ igawanywe kwa 2 × 10⁻⁵. Ninakisia kwamba ulipata 3 kwa urahisi, kisha ukagawanya −3 kwa −5 ukakutana na 0.6, ukaona kwamba kipeo cha 10 katika umbo sanifu lazima kiwe namba kamili, ukaweka kalamu chini. Kama ndivyo, hukukosea kusimama. Katika kugawanya, kipeo cha kigawanyo hutolewa kutoka kwenye kipeo cha namba inayogawanywa: −3 − (−5) ni 2, na jibu ni 3 × 10², yaani 300. Lihakiki kwa desimali, 0.006 kwa 0.00002, kisha unitumie maswali mengine uliyoyaacha kwa sababu hiyo hiyo.

Mjomba wako