Baba, sahani yako ilipangwa

Mbukwa, baba.

Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Unasema yule mwenzako wa zamu huko Ujerumani amekununia tangu Jumamosi na hujui umemkosea nini. Mimi najua. Alikualika chakula, ukamjibu "nitajitahidi." Hapa Dodoma mtu akiniambia atajitahidi, napunguza unga. Yeye alipanga sahani yako, akakaa anaitazama.

Kwetu hapana kavu huumiza, ndiyo maana tunaizungusha kwenye labda na siku nyingine. Wajerumani nao wana ulaini wao, ila hawauweki hapo. Wanauweka kwenye shukrani na kwenye "leider", yaani kwa bahati mbaya. Baada ya hapo jibu lenyewe husemwa wazi: asante kwa kunialika, leider Jumamosi siwezi, nina zamu. Basi, nyamaza. Sababu moja inatosha. Ukirundika tumbo, mvua na nauli, ataona unatunga.

Kama kweli unataka kwenda, taja siku wewe mwenyewe: Jumanne nina nafasi, wewe je? "Siku nyingine" isiyo na tarehe, mwingine ataelewa umekataa, mwingine atafungua kalenda akuulize ipi, na hapo utabaki unameza mate.

Nilipokuwa jikoni kwa masista wa Kijerumani, mmoja wao alinialika keki mara tatu. Mara tatu nikamwambia siku nyingine. Ya nne hakunialika, nami nikasema ana maringo. Hiyo sikuwahi kukusimulia.

Ile ya kuchelewa nayo. Wakikuandikia "halb acht", si nane na nusu. Ni nusu ya kuifikia nane yao, kwetu saa moja na nusu jioni. Ukifuata hesabu yako utafika saa nzima baadaye huku unaandika "niko njiani", na najua ukiandika hivyo bado unatafuta soksi. Usiniulize umejifunza kwa nani. Andika kabla saa haijafika, na utaje dakika: samahani, nitachelewa dakika 15. Ziwe 15 kweli. Anayepika anataka kujua kama azime jiko.

Umejifunza lugha ngumu hivyo kwa miezi michache, halafu inakushinda kusema siwezi! Sasa mwandikie huyo dada leo, usingoje zamu. Mwambie ulipaswa kusema mapema kwamba huji, umemkosea, na umtajie siku ya kumpikia wewe. Wali utakushinda nini.

Huku zabibu zimeanza kuiva na ndege wanatutangulia. Bati la jikoni bado linavuja, fundi anasema kesho tangu Pasaka. Mjomba wako ameuliza kama utakuja kwenye harusi ya Desemba. Nimemwambia utajitahidi, naye ameelewa.

Mama yako