Malalamiko kuhusu rasimu ya standbai mliyoipitisha ikiwa na kasoro

Kwa Meneja,
Idara ya Biashara ya Kimataifa,
Dar es Salaam.

12 Agosti 2025

Ndugu Meneja,

YAH: RASIMU YA BARUA YA MKOPO YA STANDBAI, MNUNUZI WA LUBUMBASHI, DOLA 400,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wiki iliyopita idara yako ilitutumia rasimu ya standbai iliyoandaliwa na benki ya mnunuzi wetu huko Lubumbashi, pamoja na barua pepe yenye sentensi moja: "Rasimu imekaguliwa na inakubalika, tafadhali thibitisheni ili itolewe." Siku hiyohiyo akaunti yetu ilikatwa ada ya ukaguzi. Tumeisoma rasimu hiyo mstari kwa mstari na mkataba wa mauzo ukiwa pembeni, na hatuthibitishi. Kama ingetolewa ilivyo, tungekuwa na karatasi nzuri ya kuweka kwenye faili na dhamana ambayo hatuwezi kuidai.

Nilipompigia simu ofisa wako, alinijibu kwamba hayo ni masharti ya benki ya kule na ninyi kazi yenu ni kuarifu tu. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Standbai ikishatolewa, ni kweli haiwezi kubadilishwa bila ridhaa ya benki iliyoitoa, na mnunuzi ndiye anayepaswa kwenda kuiomba. Lakini hii bado ni rasimu. Leo kila neno linabadilishwa kwa barua pepe moja. Ukaguzi wa rasimu unalipiwa kwa sababu hiyo, na ninyi mmelipwa.

Nianze na jina, maana hili ni la dakika tano. Kwenye uwanja 59, panapokaa mnufaika, limeandikwa jina lililo kwenye bango la ghala letu la Barabara ya Nyerere. Hilo ni jina la biashara. Mkataba, ankara na akaunti yetu kwenu vina jina la kampuni lililosajiliwa BRELA, ambalo ni jingine kabisa. Dai la malipo lazima litoke kwa mnufaika aliyetajwa kwenye standbai. Tukidai kwa jina la kampuni, benki ya Lubumbashi itasema haitufahamu. Tukidai kwa jina la bango, ankara tutakazoambatanisha zitakuwa na jina jingine. Anwani kutofautiana kidogo si hoja kubwa, lakini jina halina mjadala. Ninyi mna cheti chetu cha usajili kwenye faili la akaunti, hivyo sielewi aliyekagua alilinganisha na nini.

Kwenye kiasi ndiko kulikoniumiza zaidi, kwa sababu tarakimu ziko sawa na mtu anaweza kupita bila kuona chochote. Uwanja 32B unasema dola 400,000, kama mkataba. Tatizo liko kwenye masharti, aya ya nne, inayosema kuwa kiasi hicho kitapungua moja kwa moja kwa kila malipo ambayo mwombaji, yaani mnunuzi, atamlipa mnufaika chini ya mkataba.

Naomba aliyekagua akae na kalamu. Tunapeleka nondo mara nne, tarehe 20 ya Septemba, Oktoba, Novemba na Disemba, kila mzigo ukiwa na thamani ya dola 200,000. Mnunuzi analipa siku 60 baada ya ankara. Ankara ya Septemba inaiva 19 Novemba, siku moja kabla ya mzigo wa tatu kutoka. Ya Oktoba inaiva 19 Disemba, siku moja kabla ya mzigo wa nne. Kwa mpangilio huo, wakati wowote deni letu haliwezi kuzidi mizigo miwili, na ndiyo maana tulikubali standbai ya dola 400,000 ilhali mauzo yote ni dola 800,000. Sasa weka aya ya nne. Mnunuzi akilipa ankara ya Septemba, standbai inabaki dola 200,000. Akilipa ya Oktoba, inabaki sifuri. Tarehe 20 Disemba lori la mwisho linatoka ghalani, ankara za Novemba na Disemba zote hazijalipwa, tunadai dola 400,000, na dhamana yetu haina hata senti. Yaani mnunuzi anamaliza dhamana kwa kulipa vizuri miezi miwili ya mwanzo.

Aya hiyo ina mahali pake. Ingefaa kama mzigo ungekuwa mmoja unaolipwa kwa awamu. Kwa mauzo ya kupokezana kama haya inapaswa kufutwa, na kiasi kipungue kwa madai yaliyolipwa chini ya standbai yenyewe tu. Pia mkataba unaruhusu uzito kuzidi au kupungua kwa asilimia 5, kwa kuwa nondo huuzwa kwa kilo za mzani na siyo kwa kuhesabu. Hivyo tunaomba kiasi kiwe dola 420,000, au maneno yanayoruhusu ongezeko hilo yaandikwe wazi.

Nakuja kwenye mwisho wa muda, ambapo mmeangalia tarehe mkasahau mahali. Rasimu inaisha 28 Februari 2026, kwenye kaunta za benki iliyotoa, Lubumbashi. Ofisa wako alinieleza kwamba kuna siku kumi baada ya ankara ya mwisho kuiva, na kwamba zinatosha. Ankara ya mwisho inaiva 18 Februari, hilo ni kweli. Lakini rasimu inatutaka tueleze kwenye dai kwamba ankara imekaa bila kulipwa kwa zaidi ya siku 7. Kwa hiyo siku ya kwanza tunayoweza kusaini maneno hayo bila kusema uongo ni Alhamisi, 26 Februari. Inayofuata ni Ijumaa, kisha Jumamosi ambayo ndiyo 28. Hata kama Jumamosi hiyo benki imefungwa, kanuni za ISP98 zilizotajwa kwenye rasimu zinasogeza hadi siku ya kazi inayofuata, Jumatatu ya tarehe 2 Machi. Hati halisi zisainiwe Dar es Salaam Alhamisi na ziwe zimepokelewa kaunta ya Lubumbashi Jumatatu, wikiendi ikiwa katikati. Kinachohesabiwa ni kufika kwa hati mezani kwao. Risiti ya kampuni ya vifurushi hapa mjini haisaidii kitu.

Tuseme zimefika. Chini ya ISP98 benki ina siku za kazi za kuzikagua, tatu zikihesabiwa kuwa za kawaida na zaidi ya saba kuwa zimepita kiasi. Wakikuta kosa dogo na kutuarifu Alhamisi, standbai imeshaisha na hakuna nafasi ya kupeleka hati zilizosahihishwa. Muda wa kudai unapaswa kutosha kukosea mara moja na kurudia. Tunaomba muda uishe 31 Machi 2026, na mahali pa kuisha pawe hapa Dar es Salaam, kwenye kaunta zenu. Hatuwaombi mthibitishe standbai wala mbebe hatari ya mnunuzi. Tunaomba mtajwe tu kama benki ambayo hati zinawasilishwa kwake. Kama benki ya kule itakataa, basi iruhusu dai liwasilishwe kwa ujumbe wa Swift kupitia kwenu, bila karatasi kusafiri.

La mwisho ni hati za kudai, na hapa sitakuwa mpole. Rasimu inataka vitu vitatu mbali na dai letu lenyewe. Kwanza, hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa na mkurugenzi wa mnunuzi, sahihi hiyo ilingane na ile iliyopo kwenye kumbukumbu za benki iliyotoa. Pili, barua ya mnunuzi inayokiri kwamba ankara haijalipwa. Tatu, standbai halisi.

Ile barua ya pili pekee inatosha kuitupa rasimu nzima. Mtu aliyeshindwa au aliyekataa kulipa dola 400,000 hataandika barua ya kutusaidia tulipwe na benki yake, ambayo kesho yake itamgeukia yeye. Standbai ya namna hiyo inategemea hisani ya mdaiwa, wakati sisi tunailipia gharama kwenye bei ili tusiitegemee hisani hiyo. Ile ya kwanza ni mtego uliofichika zaidi. Lori letu linapita Tunduma, linavuka Zambia, linaingia Kasumbalesa, na likifika Lubumbashi anayepokea ni mtunza stoo mwenye muhuri na kalamu. Dereva hamjui mkurugenzi, na hana njia ya kujua sahihi iliyoko benki inafananaje. Benki inaweza kukataa hati kwa kusema sahihi hailingani, nasi hatuna namna ya kuhakiki kabla wala kupinga baada. Kuhusu standbai halisi, itakuja kwenu kama ujumbe wa MT760. Tutakachokuwa nacho mkononi ni nakala mliyoichapa ninyi. Rasimu iseme hivyo, au iondoe sharti hilo.

Hati tunazozikubali ni hizi: dai lililosainiwa nasi, lenye tamko letu kwamba ankara tulizozitaja zimeiva na hazijalipwa kwa zaidi ya siku 7, pamoja na nakala za ankara hizo. Kila karatasi iwe imetoka mikononi mwetu. Mnunuzi akihofia kwamba tunaweza kudai mzigo ambao haukufika, tuko tayari kuongeza nakala ya hati ya usafirishaji ambayo msafirishaji husaini hapa ghalani.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Ada ya ukaguzi irudishwe kwenye akaunti yetu, kwa sababu ukaguzi haukufanyika. Idara yako iandike kwa benki ya Lubumbashi kabla ya Ijumaa, 22 Agosti, ikitaka marekebisho niliyoyaeleza, na nakala ya barua hiyo itufikie. Rasimu mpya ikija, itumwe kwetu ikiwa na maelezo ya maandishi ya mtu aliyeikagua, akieleza amelinganisha jina, kiasi, mahali pa kuisha na hati za kudai na aya zipi za mkataba, na asaini jina lake.

Mzigo wa kwanza umepangwa 20 Septemba na hautatoka kabla standbai iliyorekebishwa haijatufikia. Tumeshamweleza mnunuzi hivyo, naye hana pingamizi na mabadiliko haya. Anasema benki yake ilitumia fomu yake ya kawaida na hakuna aliyeirudisha. Tusipopata jibu la maandishi hadi tarehe niliyoitaja, malalamiko haya tutayafikisha Benki Kuu ya Tanzania.

Nimeambatanisha rasimu yenye alama zetu za wino mwekundu, mkataba wa mauzo, cheti cha usajili na barua pepe yenu.

Wako katika biashara,

Meneja wa Fedha,
Kampuni ya nondo na mabati,
Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam.