Barua kwa Somoe, ya siku yako ya kuzaliwa

Mikindani, Mtwara

Mpendwa Somoe,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama, ambaye kila akiliona basi la Lindi huniuliza kama nimekwisha kukuandikia. Sisi hatujambo. Siku yako ya kuzaliwa ni Alhamisi, nami nimemkabidhi konda wa basi la asubuhi barua hii pamoja na kifurushi, ili vikufikie mapema. Utaona kwamba sikutaja unatimiza miaka mingapi.

Kifurushini mna korosho alizokaanga mama na doti moja ya khanga. Muuzaji, alipojua kwamba zawadi ni ya mwanamke aliyeolewa, alinishushia "Nani kama mama" na nyingine za namna hiyo, akizikunjua moja baada ya nyingine hadi kwenye jina, nami nikawa namrudishia. Nimechukua ya kijani iliyoandikwa "Wema hauozi", kwa kuwa sijasahau jinsi ulivyolala na mama hospitalini, juu ya mkeka, nilipokuwa masomoni Dodoma.

Nakutakia afya njema, usingizi wa kutosha, na darasa la hesabu lisilokuumiza kichwa mwaka huu. Dua yangu ya siku yako inaishia hapo. Kuna nyingine ninayokuombea, lakini hiyo naisoma peke yangu, kwa sababu nilikuona Iddi iliyopita ulipoombewa hadharani: watu wote wameinua mikono, nawe ukalazimika kuitikia "Amina" ukiwa umeshika sinia la pilau, kisha ukaingia jikoni usitoke hadi wageni walipoondoka. Aliyeomba hakuwa na nia mbaya, ila dua yake iliwafanya watu wote wakutazame tumbo.

Vivyo hivyo sitakuambia kwamba wanafunzi wako ndio watoto wako, wala kwamba utulie tu, uache mawazo, na mambo yatajipa. Maneno hayo husemwa kama faraja, lakini ndani yake mna lawama, kana kwamba mrija ulioziba unaweza kuzibuka kwa sababu mtu ameacha kuwaza. Wanaokutania kuhusu umri nao hawajui kwamba jambo hilo ulikwisha kuelezwa kliniki, ambako mwanamke aliyefikisha miaka 35 hushauriwa aanze kuchunguzwa baada ya kujaribu kwa miezi 6, asingoje miezi 12 kama aliye mdogo zaidi. Tena kinachoniudhi ni kwamba maswali yote huletwa kwako, ilhali sababu inaweza kuwa kwa mume sawa na inavyoweza kuwa kwa mke, na kipimo cha mbegu za mwanamume hakina usumbufu kama kile cha kutiwa dawa na kupigwa picha ya mirija. Sisemi hivi ili nichimbe yenu. Yaliyo kati yako na shemeji yabaki yenu.

Uliniambia kwamba majibu ya kipimo chako yatatoka wiki hii hii. Nikikupigia Alhamisi nitakutakia heri ya siku yako tu, na majibu sitayauliza. Ukitaka kuniambia, nipigie hata usiku wa manane. Ukinyamaza, nitajua kwamba hujataka kusema, basi, wala sitakaa na mama kubashiri. Na ikitokea, kwangu au kwa yeyote tunayemjua, habari ambayo najua itakuwa nzito kwako, nitakuandikia mapema uisome ukiwa chumbani mwako, usije ukaisikia mara ya kwanza shughulini huku watu wanachungulia uso wako. Mwaliko wa akika ukija, kwenda au kutuma mchango ni hiari yako. Mimi nitafikisha salamu zako bila kueleza sababu, na atakayedadisi atadadisi mpaka achoke.

Jumamosi nitakuja Lindi. Sijamwalika mtu mwingine, na mama mkwe wako nimemwambia kwamba nakuchukua kwa shughuli zetu wawili, kwa hiyo hutalazimika kupika wala kupokea wageni. Nilikuwa nafikiri tuvuke kwa kivuko hadi Kitunda, tutafute samaki wa kuchoma, kisha unimalizie kile kisa cha mkuu wako wa shule na pikipiki ya kukopa, ambacho ulikikatisha simu ilipoisha chaji. Ukiamka siku hiyo huna hamu ya kutoka, tutakaa ndani tubangue korosho, na nauli yangu haitakuwa imepotea.

Nijulishe kwa ujumbe kabla ya Ijumaa jioni kama saa nne asubuhi inakufaa, maana nikilikosa basi la kwanza najua nitakukuta umekwisha kununa.

Ni mimi rafiki yako,
Zuhura