Mdogo wangu, kabla hujaituma hiyo meseji ya kesho asubuhi

Mdogo wangu,

Nimeiona skrinshoti uliyonitumia usiku huu, ile meseji unayotaka kumtumia kesho asubuhi kabla hamjaonana, na nimeisoma mara tatu nne hivi alafu nikaona nikikujibu kwa mistari miwili sitakutendea haki. Nakuandikia hapa kwa urefu, jina lako silitaji wala lake, na najua kuna wengine wengi wako kama wewe muda huu wameshika simu wanaandika wanafuta wanaandika tena.

Kwanza saa. Umeandika "saa 11 pale pale". Hapo nilisimama kabisa.

Sikiliza, mimi hii imenikuta. Miaka ile kuna mtu nilikuwa nampenda kweli, tukapanga kuonana mara ya kwanza, tukaandikiana "saa 11" hivo hivo kwa tarakimu na wote tukasema poa. Mimi nikaenda saa kumi na moja jioni nimependeza, nikakaa, nikangoja mpaka giza likaingia. Kumbe yeye alishakuja saa tano asubuhi, maana simu yake ilikuwa inaandika 11:00 na yeye ndivyo alivyoisoma, akangoja lisaa lizima akaondoka zake na moyo umemuuma. Kila mmoja akaamini ametoswa. Hakuna aliyempigia mwenzake siku ile, mimi kwa hasira, yeye kwa aibu, na tulipokuja kuelewana ilikuwa wiki kadhaa zimepita na kile kilichokuwepo kilikuwa kimeshapoa, hakikurudi tena.

Saa yetu na saa ya simu zinapishana masaa sita, hilo unalijua toka mtoto, ila kwenye meseji unalisahau kwa sababu kichwani kwako iko wazi. Na angalia hizi mbili zinavyobadilishana nafasi: saa kumi na moja jioni simu inaiita 5, na saa tano asubuhi simu inaiita 11. Yaani ukiandika "saa 5" mtu anaweza kuelewa asubuhi kabla ya mchana au jioni, ukiandika "saa 11" ni hivo hivo kinyume chake, na wote mnakuwa mmeelewa vizuri tu ila kila mtu kwa saa yake. Shida kubwa iko kwenye tarakimu, kwa sababu mtu akiona 11 macho yanakwenda moja kwa moja juu kwenye kona ya simu. Ukiandika kwa maneno, "saa kumi na moja jioni", anaisoma kama anavyoisikia mdomoni na lile neno jioni linafunga mjadala. Mimi huwa naongeza na 17:00 pembeni, najua wapo wanaoona ni kama tangazo la mkutano lakini bora lifanane na tangazo kuliko mtu mmoja aje na mwingine awe ameshaondoka.

Sasa "pale pale". Pale pale ni wapi? Uliniambia kwenye maongezi yenu mlitaja sehemu tatu tofauti kabla hamjakubaliana ule mkahawa wa nyuma ya maktaba, na ukisema pale pale yeye inabidi apandishe maongezi ya wiki nzima kutafuta ipi ilikuwa ya mwisho. Uliniambia pia una milango miwili, mmoja wa barabarani mmoja wa bustanini, basi taja mlango. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana ana kwa ana wanaweza kukaa dakika ishirini kila mmoja mlango wake wanatumiana "nimefika" "na mimi nimefika" na hizo dakika ishirini ndo za kwanza, ndo zinaharibu hewa yote. Ukimtumia na lokesheni itume peke yake chini ya meseji, ila kabla ya kuituma ifungue wewe mwenyewe uone ile alama imekaa juu ya mlango sahihi maana mara nyingi inadondokea katikati ya jengo au barabara ya upande wa pili. Na mwambie utavaa nini. Shati la kijani, basi, inatosha, ila inamwondolea ile hali ya kuingia mahali anaangalia nyuso za watu wote.

Alafu kuna hii sentensi yako: "Vipi bado tupo leo? Kama umebadilisha mawazo sio mbaya, najua uko bize, niambie tu." Naelewa kwa nini umeiandika, unaogopa kumlazimisha, na hiyo ni tabia nzuri uliyonayo toka mdogo. Lakini isome kama yeye. Jana usiku alishakubali, alikuwa na furaha, leo anaamka anakuta mtu anamuuliza kama bado anataka na anampa na sababu ya kukataa mkononi. Hapo hata aliyekuwa na hamu anaanza kujiuliza kwani huyu ndo hataki au vipi. Mkishakubaliana usiulize tena, wewe sema. "Leo saa kumi na moja jioni" ni sentensi inayosema mimi nakuja, na haimzuii kusema nimepata dharura, mtu mwenye dharura ataisema tu. Ukitaka umpe nafasi mpe kwenye kitu kidogo, mfano "kukibadilika chochote nijulishe", maneno matatu na yanatosha.

Na ile ya mwisho, kwamba hujalala unaifikiria hii siku, itoe. Ni kweli najua, na siku moja utamwambia mtacheka wote wawili. Asubuhi hii bado ni nzito, inampa mzigo wa kuja kutimiza kitu ambacho hajakiahidi. Joto la meseji litoke kwenye kitu mlichokiongea, kimoja tu, kidogo. Uliniambia alikuwa anakusimulia ile stori ya paka wa jirani anayeingia kwake kwa dirishani akakatishwa na simu ya kazini hakuimalizia. Basi hiyo hapo! Mwambie unataka uimalizie kuisikia. Atajua ulikuwa unasikiliza, na hilo hakuna emoji inayoweza kulisema (emoji weka moja ukipenda, zile saba ulizopanga mwishoni punguza).

Muda wa kuituma. Kwa watu wengi ningesema kati ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi, mtu ameshaamka ameshatulia na siku yake bado anaweza kuipanga, maana ukituma alfajiri inaonekana umekesha na ukituma saa nane mchana ameshakaa asubuhi nzima akijiuliza kama umesahau. Ila wa kwako anafanya zamu ya usiku na anatoka saa moja asubuhi. Ukimtumia saa tatu utamkuta ndo kwanza amepata usingizi, simu inalia kichwani. Mimi ningetuma saa moja na nusu, akiwa njiani anarudi, aisome, alale akijua mambo yako sawa. Na usitegemee jibu lefu muda huo, mtu kachoka, pengine hata jibu lisije mpaka aamke mchana.

Na andika, usitume voisi. Najua sauti yako ni nzuri na ina upole, lakini saa kumi jioni akiwa amesimama mbele ya kioo anataka kuangalia ni mlango upi, anahitaji kitu cha kutupia jicho mara moja, sio kusikiliza sekunde arobaini mpaka afike sehemu ya mlango.

Nimejaribu kuiandika upya kwa maneno yako wewe, nimebadilisha kidogo tu:

"Habari ya asubuhi, pole na zamu. Leo saa kumi na moja jioni (17:00), mkahawa wa nyuma ya maktaba, mlango wa bustanini. Nitakuwa na shati la kijani. Nataka unimalizie ile ya paka wa jirani 🙂 Kukibadilika chochote nijulishe. Lala vizuri."

Ndo hiyo. Ukiona kuna neno sio la kwako libadilishe, usimtumie sauti ya dada yako.

Sasa kuna lile la kungoja, na hapa ndo nakuogopea kuliko kote. Ukishatuma utaanza kuangalia tiki. Tiki moja ya kijivu maana yake meseji bado haijafika kwenye simu yake, mara nyingi amezima au hana bando au mtandao umekata, haina uhusiano na wewe. Mbili za kijivu imefika. Zikigeuka bluu ameisoma, ila kuna watu wamezima hiyo sehemu kwenye mipangilio kwahiyo anaweza kuwa ameisoma na kuifurahia na kijivu kikabaki kijivu mpaka kesho kutwa. Kwahiyo usisome moyo wa mtu kwenye rangi. Na usitume ya pili saa nne, "umeiona?", kumbuka amelala.

Saa tisa alasiri ikifika kimya bado, tuma moja fupi, "nitatoka nyumbani saa kumi", basi. Hiyo sio swali wala lawama, ni taarifa, na kama kuna kitu kimetokea ndo muda atakaokujibu. Kimya kikiendelea mimi ningeenda, kwa sababu jana mlikubaliana na neno la jana bado lipo, ningefika kwa wakati, saa kumi na moja na robo ningempigia mara moja, na ikifika saa kumi na moja na nusu ningeondoka bila kumwandikia kitu chochote cha hasira usiku huo. Wapo watakaokwambia bila jibu usitoke ndani, naheshimu, lakini mimi nilishawahi kuwa yule aliyeachwa na yule aliyeacha kwa wakati mmoja bila kujua, siwezi kukushauri hivo.

Na akikujibu kwamba leo haiwezekani, usimuulize kwa nini. Mwambie pole, mwambie apumzike, alafu angalia kama yeye mwenyewe atataja siku nyingine. Akiitaja, sogea nayo. Asipoitaja mpe siku mbili tatu ndo umuulize mara moja tu.

Sasa kalale. Alamu weka saa moja na dakika ishirini, shati lipige pasi usiku huu huu, na ile meseji usiiandike kwenye kisanduku chake kabisa usije ukaibonyeza kwa bahati mbaya saa tisa ya usiku, iandike kwenye noti uikopi asubuhi. Akikujibu nitumie skrinshoti hata kama niko kazini, nitakuwa nimeshika simu.

Dada yako